Mshahara Kabla ya Tarehe

Mwisho wa Novemba, shule ya binafsi nchini Kenya huonekana tajiri. Karo ya muhula wa tatu imekwisha kukusanywa, watoto wako makwao, jikoni hakuna moto, na benki kumebaki pesa. Ni majira hayohayo walimu huanza kubisha mlango wa ofisi, mmoja baada ya mwingine. Huyu ana mtoto anayeingia gredi ya 10, yule anasafiri bara kwa Krismasi, wa tatu nyumba ya mamake imeezuliwa paa. Wote huja na maneno mamoja: "Niangalilie tu, mwisho wa mwezi utakata." Mwalimu mkuu, ambaye asubuhi ameona salio la benki kwenye simu, anakubali. Wiki ya pili ya Januari akaunti imekauka, muuza unga anapiga simu mara tatu kwa siku, na sasa anayetafuta mkopo ni shule yenyewe.

Hakuna aliyekosa huruma hapo, wala hakuna mwizi. Kilichokosekana ni ukurasa mmoja au miwili ya kanuni zinazotenganisha vitu viwili ambavyo wafanyakazi na wakubwa wao huviita kwa jina moja.

Cha kwanza ni advansi. Mwalimu amefanya kazi siku 15 za mwezi. Mshahara wa siku hizo ameshautolea jasho, ila tarehe ya kulipwa haijafika. Akipewa sehemu yake leo, shule haimpi kitu kisichokuwa chake. Gharama ya mshahara wa mwezi haiongezeki hata shilingi, ila pesa zinatoka tarehe 15 badala ya tarehe 30. Cha pili ni mkopo. Hapo mwalimu anapewa pesa za kazi ambayo bado hajaifanya, atakazozirudisha kidogo kidogo kwa miezi. Pesa hizo zinatoka mfukoni mwa shule kwelikweli, na shule itakaa bila kuzigusa hadi zirudi. Advansi inataka hesabu ya siku. Mkopo unataka mfuko, maandishi na kikomo. Shule inayovichanganya hujikuta ikitoa mikopo bila kujua kwamba inakopesha.

Tuchukue shule ya mfano, ya kubuni lakini isiyo ngeni kwa mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kiti cha mhasibu: shule ya msingi ya binafsi huko Kisauni, Mombasa, yenye wafanyakazi 24. Mishahara pamoja na michango ambayo sheria inamtaka mwajiri aongezee hufika shilingi 970,000 kwa mwezi. Karo huingia mara tatu kwa mwaka, kila muhula unapofunguliwa, na huingia kwa kuchelewa. Katikati ya mihula, hasa Desemba, pesa hutoka tu.

Novemba 30, baada ya kulipa mishahara ya mwezi huo, benki kuna 2,600,000. Hiyo ndiyo namba inayomdanganya mwalimu mkuu. Sasa tuifuate namba hiyo hadi Januari. Desemba kuna mishahara tena, 970,000. Askari wa lango, maji na umeme, 180,000. Likizo ndiyo wakati pekee wa kupaka rangi madarasa na kutengeneza madawati na basi, 400,000. Tunaingia mwaka mpya na 1,050,000. Kabla karo haijaanza kuingia vizuri, shule lazima inunue vitabu, chakula cha wiki za kwanza na mafuta ya basi, 600,000. Kinachobaki ni 450,000. Huo ndio ukingo wa chini kabisa wa mwaka, na ndio unaopaswa kusema shule inaweza kukopesha kiasi gani. Salio la Novemba halina sauti katika jambo hili.

Hata hizo 450,000 si zote za kukopesha, maana wapo wazazi watakaolipa Februari. Mimi ningeacha zaidi ya nusu kama kinga na kuweka mfuko wa mikopo wa 200,000. Maana yake ni kwamba, wakati wowote wa mwaka, jumla ya deni la wafanyakazi wote kwa shule haizidi kiasi hicho. Kwa shule ya watu 24 si pesa nyingi, na ni vizuri wafanyakazi waambiwe hivyo waziwazi, na waonyeshwe hesabu yenyewe. Mtu akijua mfuko una kiasi gani na nani yuko kwenye foleni, "hapana" haimwingii kama chuki. Asipojua, atadhani mwenzake amependelewa, na mara nyingi atakuwa anadhani sawa.

Mfuko uwe na desturi moja zaidi: kila mkopo uishe kulipwa Novemba. Ukitolewa Januari, una makato ya miezi kumi, Februari hadi Novemba. Hivyo mfuko unajaa tena kabla Desemba haijafika, na Januari, pale wafanyakazi wenye watoto wa shule wanapobanwa hasa, pesa ipo. Maombi yaletwe Oktoba kwa maandishi. Karo ya mtoto si dharura. Inajulikana mwaka mzima kwamba inakuja. Ugonjwa na msiba ndivyo visivyojulikana, na kwa ajili yake sehemu ndogo ya mfuko, tuseme 40,000, isiguswe na foleni ya Januari.

Sasa aje mwalimu mmoja wa shule hiyo. Mshahara wake kabla ya makato ni 45,000. Kwa viwango vilivyotumika Kenya mwaka 2025, mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, unachukua asilimia 6, yaani 2,700. Bima ya afya ya jamii ni asilimia 2.75, karibu 1,238. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 675. Kodi ya mapato, baada ya kupunguziwa nafuu ya kila mlipakodi ya 2,400, inafika 4,500 hivi. Anabaki na takriban 35,888. Chama chake cha akiba na mikopo kinakatwa 8,000 moja kwa moja kutoka kwenye mshahara. Mkononi mwake sasa ni 27,888.

Hapa Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inaingia. Kifungu cha 19 kinasema jumla ya makato yote kwa wakati mmoja isizidi theluthi mbili za mshahara. Kwa lugha ya nyumbani, mwalimu huyu hawezi kupeleka kwake chini ya 15,000, ambayo ni theluthi ya 45,000, hata kama yeye mwenyewe amesaini karatasi kumi za kukubali. Wengi hukosea hapa kwa kuhesabu theluthi ya kile kilichobaki baada ya kodi, au kwa kusahau kwamba chama cha akiba kimo ndani ya hesabu. Toa 15,000 kwenye 27,888 upate 12,888. Hiyo ndiyo nafasi yake yote, kwa advansi na mkopo kwa pamoja. Mhasibu aiandike kwenye jalada lake, maana ndiyo namba itakayojibu maombi yake ya mwaka mzima bila mtu kuangaliwa usoni.

Tarehe 15 anaomba advansi. Amefanya nusu ya mwezi, kwa hiyo alichokwisha kukipata ni nusu ya 27,888, yaani 13,944. Nafasi yake ni 12,888. Kanuni nzuri huchukua ndogo kati ya hizo mbili na kuikata chini kwa mia zinazohesabika kirahisi: 12,500. Mwisho wa mwezi atapokea 15,388 na hati ya mshahara inayoonyesha advansi katika mstari wake peke yake. Riba hakuna, na isiwepo. Kumtoza mtu riba kwa mshahara alioufanyia kazi ni kumuuzia kilicho chake. Atakaponyimwa ataenda kwenye simu, na huko bei inajulikana: M-Shwari ilipoanza mwaka 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, yaani 750 kwa kila 10,000.

Oktoba ileile mwalimu huyo alikuwa amepeleka ombi la mkopo wa 90,000, kwa ajili ya mtoto wa gredi ya 10. Ombi kama hilo ndilo mtihani wa sera. Kwanza mfuko: 90,000 ni karibu nusu ya pesa zote zilizopo, na nyuma yake wako watu wengine watano. Pili, sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 17, ina onyo ambalo wakubwa wengi hawalijui. Mwajiri akimtangulizia mfanyakazi kiasi kinachozidi mshahara wa mwezi mmoja, au wa miezi miwili ikiwa kuna mkataba wa kazi ulioandikwa, kile kilichozidi hakidaiki mahakamani. Mtu anaweza kubishana kama mkopo wenye mkataba wake kando unaangukia hapo au la. Sera yenye tahadhari haingojei ubishi huo uamuliwe. Inajumlisha kila alichotangulizwa mtu, kiitwe advansi au mkopo, na kukaa chini ya ukomo.

Mimi ningeweka mshahara wa mwezi mmoja kuwa kilele cha mkopo kwa mtu, ili 160,000 za Januari ziwafikie watu watatu au wanne badala ya wasiotimia wawili. Mwalimu wetu anapata 45,000, nusu ya alichoomba, kwa makato ya 4,500 kwa miezi kumi. Nusu ya pili itamlazimu aende chama chake cha akiba, ambacho ndicho kilichoundwa kwa kazi hiyo. Sheria inataka pia makato ya mkopo wa mwajiri, ambao lazima uwe na makubaliano ya maandishi, yasizidi nusu ya mshahara unaobaki baada ya makato mengine. Nusu ya 27,888 ni 13,944, na 4,500 iko mbali na hapo. Baada ya mkopo nafasi yake imeshuka hadi 8,388. Kwa hiyo akija Machi kuomba advansi, jibu ni 8,000, si 12,500. Mhasibu asiyeshusha namba hiyo siku mkopo unapotolewa ndiye atakayekuta, miezi miwili baadaye, hati ya mshahara yenye makato yanayozidi theluthi mbili za mshahara.

Kuna kodi moja inayosahaulika. Mwajiri Kenya akimkopesha mfanyakazi bila riba au kwa riba iliyo chini ya kiwango ambacho KRA hutangaza kila robo mwaka, tofauti hiyo huhesabiwa kuwa faida aliyopewa mfanyakazi, na mwajiri ndiye hutozwa kodi yake, asilimia 30. Tuseme kiwango kilichotangazwa ni asilimia 10 kwa mwaka. Kwa mkopo wa 45,000 usio na riba, faida ya mwezi wa kwanza ni 375, na kodi ni shilingi 112 na senti 50, ikishuka kadiri deni linavyopungua. Ni pesa ya soda mbili, lakini mwajiri asiyeipeleka kila mwezi humaliza mwaka akidaiwa faini kubwa kuliko kodi yenyewe. Mwenye shule achague: ama alipe hicho kidogo, ama atoze riba inayolingana na kiwango hicho. Shule nyingi zingefanya vizuri kulipa.

Mambo huharibika wapi? Mara nyingi huharibika polepole, bila mtu kutukanana na mwenzake. Rudi kwa yule mwalimu aliyechukua 12,500 mwezi Februari. Mwisho wa mwezi amepokea 15,388, na kodi ya nyumba pamoja na chakula ni vilevile. Kufikia Machi 15 amekwama tena, anachukua tena 12,500. Aprili vivyo hivyo. Dharura ilikuwa moja, Februari. Advansi za miezi iliyofuata zinaziba shimo lililochimbwa na ile ya kwanza. Mtu akionekana kwenye orodha miezi mitatu mfululizo, kumwita na kumsema hakusaidii, wala kumfungia ghafla, kwani mwezi wa kufungiwa ndio atakaokula kwa simu. Dawa ni kuligeuza shimo kuwa mkopo mdogo: 12,500 kwa makato matano ya 2,500, na dirisha la advansi lifungwe kwake hadi amalize. Hapo mwezi wa kwanza anapokea 25,388 na anaanza kupumua.

Upande wa shule, dalili iko kwenye daftari. Advansi si gharama. Ni mali ya shule iliyo mikononi mwa mtu, na siku mishahara inapolipwa inapaswa kurudi yote. Kwa hiyo, jioni ya siku ya mishahara, akaunti ya advansi isome sifuri. Ikisoma 18,000, kuna mtu ambaye advansi yake haikukatwa, na bila mkataba wala sahihi imegeuka mkopo. Kisa cha kawaida ni mwalimu mkuu aliyemtumia mtu pesa kwa M-Pesa ya simu yake Jumamosi, kisha akajirudishia kutoka kasha la pesa ndogondogo, na mhasibu akaandika "mshahara". Mwisho wa mwezi mtu huyo analipwa mshahara mzima, gharama imeingia mara mbili, na deni halipo popote kwenye karatasi. Akaunti ya mikopo nayo isisome sifuri. Isome sawasawa na jumla ya orodha ya majina na masalio yao, na isizidi 200,000. Kuangalia vitu hivyo viwili ni kazi ya dakika 20 kwa mwezi.

Ombi lenyewe liwe fomu ya upande mmoja wa karatasi: kiasi, tarehe, nafasi ya makato iliyojazwa na mhasibu, sahihi ya mwombaji na sahihi ya anayeidhinisha. Anayeidhinisha asiwe anayetoa pesa. Advansi ijibiwe siku mbili za kazi, au fomu haina faida kwa mtu mwenye mgonjwa. Sababu ya ombi isitangazwe kwenye chumba cha walimu. Kwa mkopo, sababu iandikwe kwa kamati ya watu watatu, mmoja akiwa amechaguliwa na wafanyakazi wenyewe. Aliye kwenye majaribio, ambayo kwa sheria ya Kenya hayazidi miezi sita kwa kawaida, apate advansi lakini asipate mkopo. Mwenye mkataba wa mwaka mmoja, makato yake yaishe kabla ya mkataba kwisha.

Kuondoka kazini ndiko kunakozua kesi. Mkataba wa mkopo useme tangu mwanzo kwamba salio litakatwa kwenye malipo ya mwisho: siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, na malipo ya notisi kama yapo. Tuseme mwalimu wetu anaacha kazi mwisho wa Julai. Amelipa makato sita, 27,000, na anadaiwa 18,000. Ikiwa baada ya makato halali malipo yake ya mwisho yamefunika 13,000, shule inabaki na deni la 5,000 kama la mtu mwingine yeyote, na inaandikiana naye ratiba ya kulilipa. Haimnyimi cheti cha utumishi, kwa sababu kifungu cha 51 kinampa haki ya kukipata. Haimshikii kitambulisho, vyeti vya chuo wala kadi ya benki. Wapo waajiri wanaochukua kadi ya benki na namba yake ya siri kama rehani, na kuiita utaratibu. Huo ni ulanguzi wa mshahara, hata ukifanywa kwa tabasamu. Wengine hutaka wafanyakazi wawili wadhamini. Nimeona jambo hilo likivunja chumba cha walimu kwa deni dogo kuliko bei ya mbuzi, kwa hiyo nisingeliweka kwenye sera.

Wasomaji wa Tanzania watakuta vifungu na namba tofauti, ingawa mlango ni uleule: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, hairuhusu mwajiri kukata mshahara ila pale sheria, makubaliano ya pamoja, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi inapotaka, au mfanyakazi mwenyewe alipokubali kwa maandishi. "Utakata mwisho wa mwezi" iliyosemwa mlangoni haimlindi mwajiri wa Tanga zaidi ya inavyomlinda wa Kisauni.

Kifungu cha mwisho cha sera ndicho huandikwa kwa shida, maana kinamhusu anayeiandika. Katika shule za familia na biashara ndogo, mchukuaji mkubwa wa advansi mara nyingi ni mwenye shule. Anachukua 60,000 leo za harusi, 80,000 wiki ijayo za kiwanja, na kwenye daftari zote zinaitwa "advansi ya mkurugenzi", ingawa hana mshahara ambao zitakatwa. Sera imtaje kwa cheo: asiye kwenye orodha ya mishahara hapati advansi wala mkopo wa mfuko wa wafanyakazi, na anachochukua kiandikwe katika akaunti yake mwenyewe, mbali na ile 200,000. Ombi la mwalimu mkuu, kama ameajiriwa, liidhinishwe na mwenyekiti wa bodi, kwa fomu ileile ya upande mmoja, na mhasibu awe na ruhusa ya maandishi ya kutolipa fomu isiyo na sahihi hiyo.